Unukuzi Mpana na Unukuzi Finyu: Mhadhiri Anataka Upi?



Kila muhula, wiki ile ya zoezi la kwanza la fonetiki, wanafunzi hugonga milango ya ofisi zetu na swali moja: tunukuu kwa upana au kwa ufinyu? Nitalijibu sasa hivi ili asiwepo wa kukaa na dukuduku mpaka mwisho. Ukipewa kazi iliyoandikwa kwenye karatasi, yaani orodha ya maneno au sentensi mbili tatu za kunukuu, karibu kila mara unaombwa unukuzi mpana. Ukipewa sauti iliyorekodiwa na kuambiwa uisikilize, unaombwa unukuzi finyu, kwa kiwango cha yale mliyokwisha kufundishwa. Muda uliobaki nitautumia kueleza kwa nini ni hivyo, kwa sababu anayelishika jibu bila sababu yake hupotea mara swali linapobadilishwa maneno.

Tuanze na mambo yenyewe. Unukuzi mpana hutumia alama moja kwa kila fonimu ya lugha, basi. Fonimu ni sauti inayoweza kutenganisha maneno: ukiiondoa na kuweka nyingine, unapata neno jingine au unakosa neno kabisa. Katika *kalamu* na *karamu*, kilichobadilika ni /l/ na /r/, na maana imehama kutoka chombo cha kuandikia hadi sherehe ya kula. Kwa hiyo /l/ na /r/ ni fonimu mbili za Kiswahili, na unukuzi mpana hauna budi kuzitenga. Unukuzi finyu unakwenda mbele zaidi. Unaandika namna midomo, ulimi na koo vilivyofanya kazi kweli wakati neno likitamkwa, hata pale ambapo namna hiyo haibadilishi maana yoyote.

Majina haya mawili si ya jana. Mwanaisimu Mwingereza Henry Sweet, katika kitabu chake cha fonetiki cha 1877, alitumia mifumo miwili ya kuandika sauti kwa herufi za Kirumi. Mmoja aliuita mpana, akautumia kwa kazi za kawaida za lugha moja; wa pili aliuita finyu, akautumia pale mtaalamu alipohitaji kuchunguza sauti kwa undani na kulinganisha lugha na lugha. Miaka tisa baadaye, 1886, walimu wa lugha wakiongozwa na Paul Passy walianzisha mjini Paris chama ambacho ndicho kimetupa Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa tunayoitumia hadi leo. Tangu mwanzo, basi, unukuzi mpana haukuwa unukuzi wa wavivu, wala finyu haukuwa tuzo ya wanafunzi hodari. Kila mmoja ulikuwa na kazi yake.

Sasa tuichukue sentensi moja tuifanyie kazi mbele yenu: *Jana mvua ilimnyeshea baba yangu.* Nimeichagua kwa sababu ni fupi na imebeba mitego karibu yote inayowaangusha wanafunzi wetu. Unukuzi wake mpana ni huu:

/dʒana mvua ilim̩ɲeʃea baba jaŋɡu/

Angalieni neno la kwanza na la mwisho. *Jana* limeanza na /dʒ/, na *yangu* limeanza na /j/. Hapa ndipo panapopotea alama nyingi kuliko mahali pengine popote katika mitihani ya mwaka wa kwanza. Katika alfabeti ya kifonetiki, alama ya /j/ inawakilisha sauti tunayoiandika kwa herufi *y*. Mwanafunzi anayeandika /jana/ ameandika *yana*, na anayeandika /yangu/ ameandika irabu ya mbele ya mviringo ambayo Kiswahili hakina. Herufi *y* ya tahajia yetu haina nafasi kabisa katika unukuzi wa Kiswahili. Ukiiona kwenye kazi yako, umekosea, na huna haja ya kuuliza mtu. Kuhusu sauti ya *j*, vitabu vyetu havikubaliani: vingine huiandika /dʒ/ na vingine /ɟ/. Fuata alama inayotumiwa na mhadhiri wako, kisha usiibadilishe katikati ya kazi.

Katika *ilimnyeshea*, herufi mbili *ny* zimekuwa alama moja, /ɲ/, na herufi mbili *sh* zimekuwa /ʃ/. Katika *yangu*, *ng* imekuwa alama mbili, /ŋɡ/, kwa sababu tunasikia nazali ikifuatwa na kipasuo. Lingekuwa neno *ng'ombe*, tungeandika /ŋombe/ kwa alama moja tu ya nazali, bila /ɡ/ na bila ile alama ya ritifaa. Nasisitiza ritifaa kwa sababu hutambaa kutoka kwenye tahajia ikaingia kwenye unukuzi, na msahihishaji anapokuta /ŋ'ombe/ anajua papo hapo kwamba mwanafunzi amenakili herufi, hakuandika sauti.

Irabu nimeziandika kwa alama za kawaida: a, e, i, o, u. Hapo mwanafunzi makini atanyanyua mkono na kusema kwamba *e* ya Kiswahili hutamkwa mdomo ukiwa wazi zaidi kuliko sauti ambayo alfabeti ya kimataifa inaiwekea alama ya [e], na kwamba iko karibu zaidi na [ɛ]. Ni kweli. Lakini Kiswahili hakina irabu mbili za *e* za kutenganisha maneno. Tunayo moja. Lugha inapokuwa na moja tu, unukuzi mpana unaruhusu tuiandike kwa alama iliyo rahisi zaidi. Wapo wahadhiri wanaopendelea /ɛ/ na /ɔ/ hata katika unukuzi mpana, na hawakosei; muhimu ni kwamba uchaguzi huo ufanywe mara moja na ushikiliwe mpaka mwisho wa kazi.

Sasa ile alama ndogo iliyo chini ya /m̩/. Wengi hufikiri kwamba alama yoyote ya ziada, iwe juu au chini ya herufi, ni dalili ya unukuzi finyu. Naomba dhana hiyo tuiache leo humu ukumbini. Sikilizeni maneno haya mawili: *mtu mbaya*, na *nyumba mbaya*. Tahajia ya *mbaya* ni ile ile, lakini yatamkeni taratibu huku mkipiga makofi kwa kila silabi. *Mtu m-ba-ya*: makofi matatu kwa neno la pili. *Nyumba mba-ya*: makofi mawili. Katika *mtu mbaya*, *m* ni kiambishi cha ngeli ya watu, imesimama peke yake kama silabi. Katika *nyumba mbaya* imeshikamana na *b* na hazitenganishwi. Hapa kuwa silabi au kutokuwa silabi ndiko kunakolitenga umbo moja na jingine, kwa hiyo unukuzi mpana unapaswa kuonyesha tofauti hiyo: /m̩tu m̩baja/ kwa upande mmoja, /ɲumba mbaja/ kwa upande mwingine. Wapo wanaoiacha alama hiyo katika kozi za mwanzo kwa kuona inawachanganya wanafunzi. Mimi naona iwepo, kwa sababu bila ya alama hiyo unukuzi wetu unakuwa na upungufu ule ule wa tahajia.

Mkazo nao tuupime kwa kipimo hicho hicho. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa kuwa tunajua utakapoangukia, hatuna sababu ya kuuandika katika unukuzi mpana. Lakini tuna *barabara*, njia ya magari, yenye mkazo mahali pake pa kawaida, na *barabara* nyingine yenye maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake huangukia *ra* ya kwanza. Anayenukuu neno la pili analazimika kuweka alama: /baˈrabara/. La kwanza analiacha /barabara/. Kanuni ni moja: kinachotabirika kinaachwa, kinachotenganisha maneno kinaandikwa.

Kanuni hiyo huenda mbali kuliko wengi wanavyodhani. Kwa msemaji wa Kimvita, *paa* la nyumba na *paa* mnyama wa porini si neno moja lenye maana mbili. Paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo, pumzi inayosikika baada ya midomo kuachana. Paa la nyumba halina mpumuo huo. Vivyo hivyo *kaa* la moto na *kaa* wa baharini: yule wa baharini ana mpumuo. Kwa msemaji huyo mpumuo unatenganisha maneno, kwa hiyo unukuzi mpana wa lahaja yake ni /paa/ na /pʰaa/, /kaa/ na /kʰaa/. Kwa msemaji wa Dodoma asiyetofautisha, unukuzi mpana ni /paa/ kwa maneno yote mawili, na mpumuo wowote atakaouweka utakuwa jambo la unukuzi finyu. Alama ni ile ile, ʰ, lakini katika lahaja moja ni ya upana na katika nyingine ni ya ufinyu. Kwa hiyo huwezi kuutambua unukuzi finyu kwa kuhesabu mapambo yaliyo juu ya herufi. Unautambua kwa kuuliza kila alama inafanya kazi gani katika lugha ya msemaji huyo.

Turudi kwenye sentensi yetu, safari hii tukiwa na sauti. Tuseme mmepewa rekodi ya msemaji wa pwani, na mmeambiwa muisikilize na kuinukuu kwa ufinyu. Mkiisikiliza mara kadhaa, mnaweza kufikia hapa:

[ˈʄana ˈɱvua ilim̩ɲɛˈʃɛa ˈɓaɓa ˈjaˑŋɡu]

Cha kwanza kilichobadilika ni mabano. Unukuzi wa kifonimu hukaa kati ya mistari ya mshazari. Unukuzi wa sauti zilizosikika hukaa ndani ya mabano ya mraba. Mistari ya mshazari hudai jambo kuhusu lugha: kwamba hizi ndizo fonimu za neno hili. Mabano ya mraba hudai jambo kuhusu tukio: kwamba hiki ndicho kilichotamkwa. Mwanafunzi anayeandika /ˈɓaɓa/ kati ya mistari ya mshazari anadai, labda bila kujua, kwamba Kiswahili kina fonimu mbili za *b*. Msahihishaji atamkata alama kwa dai hilo hata kama sikio lake lilisikia sawasawa.

Hapa kuna jambo la kuongeza kwa walio mwaka wa pili na kuendelea. Upana na ufonimu si kitu kimoja kabisa. Unaweza kuwa na unukuzi wa sauti ulio mpana, ndani ya mabano ya mraba, wenye maelezo machache tu; na kati ya upana na ufinyu kuna ngazi nyingi. Lakini katika mazoezi ya kozi za mwanzo, mhadhiri anaposema unukuzi mpana huwa anamaanisha unukuzi wa kifonimu, na anategemea mistari ya mshazari.

Sasa tuitazame *b* ya *baba*. Wasemaji wengi wa pwani hawaitoi *b* kwa kusukuma hewa nje tu. Midomo ikiwa imefungwa, zoloto hushuka kidogo, na midomo inapoachana hewa huelekea ndani badala ya kutoka. Weka vidole vyako kwenye koo, useme *baba* polepole, na kama wewe ni msemaji wa namna hiyo utahisi koo likishuka. Halafu sema *mbuzi*. Koo halishuki. Baada ya nazali iliyoshikamana nayo, *b* hutoka kama kipasuo cha kawaida. Ndivyo zilivyo pia *d*, *g* na *j*: za kuvuta hewa zikiwa peke yake, za kawaida zikitanguliwa na nazali yake. Ndiyo maana katika unukuzi wetu finyu *jana* imeanza na [ʄ], *baba* ina [ɓ] mbili, lakini *yangu* ina [ɡ] ya kawaida. Mwanafunzi akiandika [ˈjaˑŋɠu], najua hakusikiliza rekodi. Alikumbuka tu kwamba Kiswahili kina vipasuo vya kuvuta hewa, akavimwaga kila mahali.

Rudini na kwenye *mtu mbaya* na *nyumba mbaya*. Kwa msemaji huyu wa pwani, *b* ya *mtu mbaya* hubaki ya kuvuta hewa, kwa sababu *m* iliyo kabla yake ni silabi inayojitegemea, haikushikamana nayo: [m̩ˈɓaja]. Katika *nyumba mbaya* ni ya kawaida: [ˈmbaja]. Unukuzi finyu umetupa ushahidi wa jambo ambalo unukuzi mpana ulikuwa unalidai. Sijui mahali pengine katika fonetiki ya Kiswahili panapoonyesha vizuri zaidi namna unukuzi wa aina hizi mbili unavyosaidiana.

Katika *mvua*, nazali imekuwa [ɱ]. Midomo haikufungana, mdomo wa chini umegusa meno ya juu, ukijiandaa kwa *v* inayofuata. Kiswahili hakina neno linalotofautishwa na jingine kwa [m] na [ɱ], kwa hiyo unukuzi mpana uliiandika /m/ bila shida. Na katika *yangu*, alama ya [ˑ] inasema kwamba irabu ya silabi yenye mkazo imevutwa kidogo, kama inavyotokea mara nyingi mwishoni mwa kauli. Mkazo nimeuweka katika kila neno, kwa sababu katika ufinyu tunaandika kilichosikika hata kikiwa kinatabirika.

Sasa chukueni sentensi ile ile kutoka kwa msemaji wa bara asiyevuta hewa ndani. Mtapata kitu kama hiki:

[ˈdʒana ˈɱvua ilim̩ɲɛˈʃɛa ˈbaba ˈjaˑŋɡu]

Watu wawili, unukuzi finyu wa namna mbili usiofanana. Unukuzi mpana wao ni mmoja. Na hapo ndipo penye sababu ya jibu nililolitoa mwanzoni. Unukuzi mpana unaweza kufanywa kutoka kwenye maandishi, kwa sababu ni maelezo ya lugha, na lugha hiyo unaijua. Unukuzi finyu hauwezi kufanywa kutoka kwenye maandishi peke yake, kwa sababu ni maelezo ya mtu aliyesema. Mhadhiri akikupa neno *baba* kwenye karatasi, nani alilitamka? Mvuvi wa Lamu au mkulima wa Songea? Wewe mwenyewe? Karatasi haisemi. Ukimwandikia [ˈɓaɓa] umebuni msemaji; ukimwandikia [ˈbaba] umebuni mwingine. Ndiyo maana zoezi la karatasi kwa kawaida hutaka kile kisichohitaji msemaji.

Kuna hali moja inayoonekana kuipinga kanuni hii. Mhadhiri hufundisha kanuni ya alofoni, tuseme hii ya vipasuo vya kuvuta hewa na vya kawaida, kisha hutoa maneno kwenye karatasi na kusema: toeni unukuzi finyu. Je, anawataka mbuni wasemaji? Hapana. Msemaji ameshawapa darasani: ni yule anayefuata kanuni aliyoieleza. Anataka muitumie kanuni hiyo na kuonyesha kwamba mnajua inafanya kazi wapi na wapi haifanyi. Kazi ya namna hii inahitaji alama za kanuni hiyo tu. Kama wiki hiyo mlisoma vipasuo, andika vipasuo kwa makini na uache urefu wa irabu, ɱ na vinginevyo, isipokuwa umeambiwa uviweke. Wanaosoma fonetiki ya Kiingereza pia watakutana na mazoezi ya namna hii mapema zaidi, kwa sababu kanuni ya mpumuo wa *p*, *t* na *k* mwanzoni mwa silabi yenye mkazo hufundishwa karibu katika kila kozi ya mwanzo ya lugha hiyo.

Kosa linaloniumiza zaidi katika unukuzi finyu ni lile la kumsahihisha msemaji. Katika rekodi, mtu anasema kwa uwazi kabisa [tʃaˈkuɾa]. Mwanafunzi anajua kwamba neno sanifu ni *chakula*, anaandika [tʃaˈkula], anajiona amefanya vizuri. Mwingine anasikia [sɛɾaˈsini] na anaandika [θɛlaˈθini], kwa sababu ndivyo kamusi inavyotaka. Wote wawili wameandika walichokisoma wakaacha walichokisikia. Msemaji wa rekodi si mtahiniwa, na kazi yako si kumpa alama. Kama ametamka *l* na *r* kwa sauti moja, hiyo ndiyo taarifa uliyotumwa kuileta, na anayechunguza lahaja, anayepanga masomo ya kutamka au anayetibu matatizo ya usemi anaihitaji ilivyo. Katika unukuzi mpana wa Kiswahili Sanifu tungeandika /tʃakula/ na kusonga mbele. Katika ufinyu, kufanya hivyo ni kupotosha ushahidi.

Kosa la upande wa pili ni kuongeza alama ambazo hukuzisikia. Wanafunzi huona chati ya alfabeti, hupendezwa na vialama na nukta zake, wakaamini kwamba alama nyingi huleta maksi nyingi. Kila alama ni dai. Ukiweka alama ya unazali juu ya *a* ya *jana*, umedai kwamba hewa ilipita puani wakati irabu ikitamkwa. Huenda ni kweli, kwa kuwa kuna *n* baada yake. Lakini umeisikia? Mmefundishwa kuitambua? Kama jibu ni hapana, iache. Unukuzi finyu haukusudiwi kuandika kila kitu. Hakuna sikio wala mkono unaoweza hilo. Unaandika kwa undani yale mambo ambayo kazi imeyauliza.

Njia rahisi ya kujikagua ni hii. Mpe mwenzako unukuzi wako, asione tahajia wala asijue neno, na umwombe ausome kwa sauti. Katika unukuzi mpana, anapaswa kulitambua neno mara moja. Akikwama, kuna fonimu umeikosea, na mara nyingi itakuwa *j* au *y*, au *ng* na *ng'*. Katika unukuzi finyu, anapaswa kusikika kama msemaji wa rekodi. Akisikika kama wewe, umenukuu matamshi yako mwenyewe.

Sasa mnaposoma swali la kazi, mnatambuaje kilichoombwa? Tazameni kwanza mfano kama upo, na mabano yaliyotumika. Mistari ya mshazari katika mfano inamaliza mjadala: ni upana. Halafu tazameni maneno ya swali. *Kifonimu* ni upana. *Alofoni*, *utamkaji halisi*, *sifa za msemaji* ni ufinyu. Neno *kifonetiki* lenyewe halitoshi, kwa sababu wengi wetu hulitumia kwa unukuzi wowote unaofanywa kwa alfabeti ya kimataifa. Swali linalosema tu *nukuu kifonetiki maneno yafuatayo*, kwenye karatasi, bila rekodi, kwa uzoefu wangu hutaka upana. Baada ya hapo kumbukeni mlichosoma wiki hizo. Kama bado hamjafundishwa alofoni, hakuna mhadhiri wa haki atakayewatarajia muandike alofoni.

Na mkibaki na shaka, ulizeni kabla ya siku ya kukusanya. Kama haiwezekani kuuliza, andikeni unukuzi mpana kati ya mistari ya mshazari, na chini yake mstari mmoja wa unukuzi finyu katika mabano ya mraba, wenye zile sifa tu mlizofundishwa, na mtaje matamshi ya nani yaliyonukuliwa. Hiyo inakubalika. Kisichokubalika ni kuchanganya ngazi hizo mbili katika mstari mmoja: neno la kwanza na [ɓ], la pili na /b/, mkazo hapa, pale hakuna. Mchanganyiko huo humfanya msahihishaji ashindwe kujua mwanafunzi anadai nini, na katika unukuzi, dai lisilojulikana haliwezi kupewa alama.

Wahadhiri wenzangu, neno langu la mwisho ni kwenu. Wanafunzi hawa hawachanganyikiwi kwa sababu jambo ni gumu mno. Wanachanganyikiwa kwa sababu maswali yetu husema *nukuu*, kisha yakanyamaza. Tunaweza kuondoa nusu ya maswali ya mlangoni kwa kuongeza sentensi moja katika kila zoezi: unukuzi ni wa kifonimu au ni wa sauti, msemaji ni nani, na ni sifa zipi zinazotakiwa kuonyeshwa. Naomba muhula ujao tuanze kuiandika.